Barua Badala ya Antibayotiki: Kwa Nini Daktari Hakukuandikia Dawa ya Kikohozi

Mgonjwa anaingia kwa daktari akikohoa kwa siku sita. Anapimwa joto, anasikilizwa kifua, kisha anaruhusiwa kwenda nyumbani na parasetamoli na karatasi yenye maelezo. Hakuna amoksilini wala azithromaisini. Nje ya mlango anajiuliza maswali ambayo wengi wamewahi kujiuliza. Je, daktari amenipuuza? Dawa zimekwisha? Au ni kwa sababu bima yangu ni ndogo? Mwaka jana jirani alikohoa hivihivi, akapewa dozi ya siku tano akapona. Kwa nini mimi ninyimwe?

Maswali hayo yana haki ya kujibiwa. Mgonjwa amelipa nauli, amekaa foleni na amekosa siku ya kazi, na jibu la mkato kwamba “ni virusi tu” halilingani na gharama hiyo. Kwa upande mwingine, daktari ana sababu ambazo zinamlinda mgonjwa huyohuyo. Uchambuzi huu unaangalia asili ya mkanganyiko, unapima njia nne ambazo daktari anaweza kuchagua, kisha unaonyesha kwa nini barua ya maelezo, ikiandikwa vizuri, inazishinda nyingine. Pia unaonyesha ni wakati gani barua hiyo haifai.

Mkanganyiko ulitoka wapi

Chanzo cha kwanza ni uzoefu wa mgonjwa mwenyewe. Kikohozi cha virusi huanza na mafua na koo kuwasha, hupanda kwa siku chache, kisha hushuka polepole. Watu wengi huenda hospitali siku ya tano au ya sita, kikohozi kikiwa kileleni. Dawa yoyote itakayoanzwa siku hiyo itaonekana kufanya kazi, kwa sababu ugonjwa ulikuwa umekaribia kushuka wenyewe. Jirani aliyepona baada ya dozi ya siku tano huenda angepona vilevile kwa maji ya moto. Lakini yeye ameona alimeza dawa akapona, na ushahidi wa macho yake una nguvu kuliko maelezo ya daktari.

Chanzo cha pili ni muda. Wengi hutarajia kikohozi kiishe ndani ya wiki moja. Tafiti zilizofuatilia wagonjwa wa kikohozi cha ghafla zimeonyesha kwamba kwa wastani huchukua karibu siku 18. Mtu anayetarajia siku saba akifika siku ya kumi bado anakohoa, huamini ugonjwa umekuwa mkubwa na kwamba alihitaji dawa kali, ilhali yuko palepale ambapo wengine wote huwa.

Chanzo cha tatu ni rangi ya makohozi. Yakiwa ya njano au kijani, watu husema kifua kimeoza na wanataka dawa ya kukisafisha. Rangi hiyo inatoka kwenye kimeng’enya kilichomo ndani ya chembe nyeupe za damu zinazopambana na maambukizi, na chembe hizo huja ziwe zimeitwa na bakteria au na virusi. Kwa mtu ambaye hana ugonjwa wa muda mrefu wa mapafu, makohozi ya kijani peke yake hayamwambii daktari ni kipi kati ya hivyo viwili.

Chanzo cha nne kimo ndani ya mfumo wa afya. Kwa miaka mingi katika Afrika Mashariki, homa ilitibiwa kama malaria. Vilipokuja vipimo vya haraka vya malaria, matumizi ya dawa za malaria yalipungua, lakini katika vituo vingi antibayotiki zikapanda. Mhudumu aliyeona kipimo kimetoka hasi alijikuta hana ugonjwa wa kuutaja, na hakutaka mgonjwa aondoke mikono mitupu. Utafiti uliofanyika mwaka 2008 jijini Dar es Salaam na Ifakara, na kuchapishwa mwaka 2014, uliwapima kwa kina watoto 1,005 wenye homa. Kiasi cha watoto saba katika kila kumi walikuwa na maambukizi ya virusi. Maambukizi ya njia ya hewa yalikuwa mengi kuliko magonjwa mengine yote, na kati ya hayo ni asilimia 5 tu zilizothibitishwa kwa picha ya eksirei kuwa nimonia. Wengi waliokuwa wakipewa antibayotiki kwa mazoea hawakuwa na ugonjwa ambao dawa hizo zinautibu.

Dawa hufanya nini, na haifanyi nini

Amoksilini huua bakteria kwa kuvuruga ujenzi wa ukuta unaozunguka chembe yao. Azithromaisini huzuia mtambo ambao bakteria hutumia kutengeneza protini zao. Kirusi hakina ukuta wa aina hiyo wala hakina mtambo wake. Huingia ndani ya chembe za njia ya hewa na kutumia mitambo ya mwenyeji. Dawa hizo zikifika, hazina cha kushika. Kuongeza kipimo au kubadilisha dawa “ya kawaida” kwa “kali” hakubadilishi jambo hilo.

Hata hivyo daktari mkweli hasemi kwamba antibayotiki hazina faida yoyote kwa kundi zima la watu wanaokohoa, kwa sababu ndani ya kundi hilo wamo wachache wenye bakteria ambao hawakutambulika. Majaribio yaliyolinganisha antibayotiki na vidonge visivyo na dawa, yakijumlishwa pamoja, yameonyesha kwamba antibayotiki hufupisha kikohozi kwa takriban nusu siku. Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2013 liliwahusisha watu wazima 2,061 kutoka nchi 12 za Ulaya, wote wakiwa na kikohozi ambacho daktari hakukihisi kuwa nimonia. Waliopewa amoksilini hawakupona mapema kuliko wenzao. Ilibidi watu 30 wapewe dawa ili mmoja wao aepushwe na kuzidiwa au kupata dalili mpya. Lakini katika kila watu 21 waliopewa, mmoja alipata kichefuchefu, kuhara au vipele ambavyo asingevipata.

Takwimu hizo mbili ndizo moyo wa mjadala. Faida ipo na ni ndogo. Madhara yapo, nayo humfikia mtu mmoja mapema kidogo kuliko faida.

Kuna madhara mengine ambayo hayaonekani siku hiyo. Antibayotiki inayomezwa kwa ajili ya kifua hupita mwili mzima, ikaua bakteria wa tumboni na kooni ambao hawakuwa na kosa. Wanaobaki ni wale wasiosikia dawa, nao hupata nafasi ya kuzaliana. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba mtu aliyeandikiwa antibayotiki hubeba bakteria sugu zaidi kuliko asiyeandikiwa. Hali hiyo huwa kubwa zaidi katika mwezi wa kwanza, na inaweza kudumu hadi miezi 12. Mara nyingi usugu husimuliwa kama tatizo la dunia au la vizazi vijavyo, na mgonjwa anayekohoa leo haoni linamhusu nini. Linamhusu yeye. Mama anayemeza antibayotiki kwa kikohozi cha virusi mwezi huu akipata maambukizi ya njia ya mkojo mwezi ujao, dawa ya kwanza atakayopewa ina nafasi kubwa zaidi ya kushindwa.

Njia ya kwanza: kuandika dawa kwa tahadhari

Wanaotetea njia hii si wazembe. Hoja yao ya kwanza ni mazingira. Zahanati nyingi hazina eksirei wala maabara kubwa. Mgonjwa ametoka mbali, na akizidiwa usiku hakuna gari. Daktari anaona heri apewe dawa leo kuliko aletwe kesho kutwa hajiwezi. Hoja ya pili ni kwamba mgonjwa akinyimwa atakwenda duka la dawa na kununua vidonge vichache kadiri ya pesa aliyonayo. Basi afadhali apewe dozi kamili na mtu anayejua. Hoja ya tatu ni hofu ya lawama, kwa kuwa aliyetoa dawa bila sababu mara chache huulizwa, ila aliyekosa kutoa kwa mgonjwa mmoja aliyezidiwa hulaumiwa na ndugu wote.

Nguvu ya hoja hizi inategemea kama kweli daktari hawezi kumtambua mwenye nimonia bila vifaa. Kwa mtu mzima ambaye si mzee sana na hana ugonjwa mwingine, anaweza kwa kiasi kikubwa. Mapigo ya moyo yakiwa chini ya 100 kwa dakika, pumzi zisizidi 24 kwa dakika, joto lisizidi nyuzi 38, na kifua kisiwe na sauti za mikwaruzo au sehemu moja iliyozimika, uwezekano wa nimonia unakuwa mdogo sana. Vifaa vinavyohitajika ni saa yenye mshale wa sekunde, kipimajoto na kifaa cha kusikilizia kifua. Kinachokosekana katika vituo vingi ni dakika moja nzima ya kuhesabu pumzi.

Njia hii ina hatari nyingine ambayo kwetu ni kubwa kuliko Ulaya. Kikohozi kinachoendelea kinaweza kuwa kifua kikuu. Baadhi ya antibayotiki, hasa za kundi la siprofloksasini na levofloksasini, huwapunguza kwa muda bakteria wa kifua kikuu bila kuwamaliza. Mgonjwa hupata nafuu, huacha kufuatilia, kisha hurudi baada ya wiki kadhaa akiwa amekonda na ameshaambukiza watu wa nyumbani. Dawa iliyotolewa kwa tahadhari inakuwa imeficha ugonjwa uliopaswa kuonekana.

Njia ya pili: kukataa kwa maneno machache

Njia hii inafuata ushahidi. Kitabu cha Shirika la Afya Duniani kuhusu matumizi ya antibayotiki, kilichotolewa mwaka 2022, hakipendekezi antibayotiki kwa kikohozi cha ghafla kisicho na dalili za nimonia. Daktari anayekataa yuko sahihi kitabibu, hapotezi dawa, na hamletei mgonjwa madhara.

Udhaifu wake unaonekana mgonjwa akishatoka nje. Maelezo ya mdomo yaliyotolewa kwa dakika mbili mbele ya foleni husahaulika kabla hajafika nyumbani. Akiulizwa na mumewe au mama mkwe daktari amesemaje, hujibu, “Amesema sina kitu.” Lakini bado anakohoa, usiku halali, na watoto wanamsikia. Familia inaamua. Anatumwa mtu duka la dawa na kurudi na kidonge chenye mchanganyiko wa ampisilini na kloksasilini, ambacho Shirika la Afya Duniani limekiweka katika orodha ya michanganyiko isiyopendekezwa. Kwa kumkatalia bila kumweleza, daktari amezuia antibayotiki moja na kufungua mlango wa nyingine isiyofaa zaidi.

Udhaifu wa pili ni mbaya zaidi. Mgonjwa aliyeambiwa hana kitu hajui ni dalili gani zingepaswa kumrudisha. Wachache watakaopata nimonia siku chache baadaye hukaa nyumbani kwa sababu daktari alishawaambia ni virusi.

Njia ya tatu: cheti cha kusubiri

Uingereza na nchi nyingine za Ulaya madaktari hutumia njia ya katikati. Mgonjwa hupewa cheti cha dawa na kuambiwa asikitumie mpaka zipite siku kadhaa, au mpaka hali ibadilike. Njia hii imepimwa kwa majaribio, na matokeo ni ya kutia moyo. Kiasi cha theluthi moja tu ya waliopewa cheti cha kusubiri ndio walioishia kumeza dawa, kulinganisha na zaidi ya tisa katika kila kumi kati ya walioandikiwa papo hapo. Wagonjwa hawakuonekana kulalamika sana.

Njia hii inamheshimu mgonjwa na inamwokoa na safari ya pili, jambo kubwa kwa anayelipa nauli. Lakini inategemea mazingira ambamo cheti kina maana, kwa sababu dawa haipatikani bila cheti. Palipo na maduka yanayouza antibayotiki hata bila cheti, karatasi ya kusubiri haiongezi kizuizi chochote. Pia katika vituo vingi vyetu dawa huchukuliwa dirishani mlemle, siku ileile. Mgonjwa akishaziweka mkobani, kusubiri kunakuwa kugumu, na vidonge visivyotumika hubaki kabatini mpaka mtoto akohoe.

Kuna tatizo la mantiki pia. Cheti cha kusubiri humwambia mgonjwa kwamba akikohoa zaidi, jibu ni antibayotiki. Ikiwa amezidiwa kwa sababu ya pumu, kifua kikuu au moyo, jibu hilo ni la uongo. Anayezidiwa anahitaji kupimwa upya kabla ya kupewa dawa.

Njia ya nne: barua

Barua ya daktari kwa mgonjwa inajaribu kuchukua ukweli wa njia ya pili na heshima ya njia ya tatu. Si jambo la kubuni. Jaribio lililofanyika Uingereza na Wales na kuchapishwa mwaka 2009 liliwapa wazazi wa watoto wenye maambukizi ya njia ya hewa kijitabu kilichoeleza ugonjwa utachukua muda gani na ni lini wawe na wasiwasi. Madaktari walifundishwa kukitumia wakizungumza na mzazi. Antibayotiki ziliandikwa kwa asilimia 19.5 ya watoto katika kundi la kijitabu, na asilimia 40.8 katika kundi la kawaida. Wazazi waliridhika sawa na wenzao, na hawakurudi hospitali mara nyingi zaidi.

Kwetu, nguvu ya barua ni kwamba inafika nyumbani. Mume, mama mkwe na jirani wataisoma. Muuza dawa naye anaweza kuisoma, na muuzaji mwaminifu atapata sababu ya kumwambia mteja kwamba dawa anayoitaka haimfai.

Tuchukue mfano. Mama wa miaka 47 anayeuza chakula Dar es Salaam amefika Jumamosi tarehe 8. Alianza kukohoa Jumatatu tarehe 3. Makohozi ni ya njano. Joto ni 37.4, pumzi 18 kwa dakika, mapigo 84, oksijeni asilimia 97, na kifua ni safi pande zote. Kipimo cha malaria ni hasi. Hajakonda, hatoki jasho usiku, hakuna mwenye kifua kikuu nyumbani, na maswali kuhusu VVU, kisukari na pumu yameulizwa faragha na majibu hayaonyeshi tatizo. Barua yake ingeweza kuwa hivi:

*Shikamoo mama,*

*Leo nimekupima na nimeona una kikohozi kilicholetwa na virusi vya mafua. Ni ugonjwa wa kweli, na najua unakusumbua usiku na kazini. Joto lako, pumzi zako na mapigo ya moyo ni ya kawaida, oksijeni ni nzuri, na mapafu yako yanasikika vizuri. Kwa hiyo sioni dalili ya nimonia. Rangi ya njano ya makohozi inaonyesha mwili unapambana. Haimaanishi kifua kimeoza.*

*Sikukuandikia antibayotiki kwa sababu dawa hizo haziui virusi. Katika kikohozi kama chako, kwa wastani zinaweza kupunguza muda wa kuumwa kwa nusu siku, na zinaweza kukuletea kuhara, kichefuchefu au vipele. Pia zinaweza kukuachia bakteria sugu, ukashindwa kupona haraka siku utakapozihitaji kweli. Tafadhali usinunue antibayotiki dukani, wala usimeze zilizobaki za mtu mwingine.*

*Kwa maumivu au homa, meza parasetamoli za miligramu 500, vidonge viwili kila baada ya saa sita hadi nane, visizidi vinane kwa siku. Usiku kijiko cha asali kwenye maji ya uvuguvugu kinaweza kutuliza koo. Moshi wa jiko utakuchelewesha kupona, kwa hiyo pikia mahali penye hewa, na mwombe mtu akusaidie kuwasha mkaa kwa siku hizi chache.*

*Kikohozi kitaanza kupungua siku zijazo, lakini kinaweza kumalizika kabisa mwishoni mwa wiki ya tatu, karibu na tarehe 24.*

*Rudi siku hiyohiyo, hata usiku, ukiona mojawapo ya haya: unahema haraka ukiwa umekaa, au huwezi kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi, kifua kinachoma ukivuta hewa, unakohoa damu, homa imepanda, au ilikwisha kisha ikarudi, umechanganyikiwa au huwezi kula wala kunywa.*

*Hata kama hakuna dalili hizo, ukiwa bado unakohoa Jumatatu tarehe 17, njoo tuchukue makohozi yako tuyapime kifua kikuu. Hiyo ni kanuni kwa kila anayekohoa wiki mbili. Haina maana kwamba nimeona ugonjwa huo kwako.*

*Uje na barua hii. Nitaanza pale tulipoishia.*

Kilichomo katika barua, na kisichomo

Barua hii ina mambo manne, na kila moja linajibu udhaifu fulani wa njia zilizotangulia. Inataja kilichopimwa, kwa hiyo mgonjwa hawezi kusema hakuangaliwa. Inakiri faida ndogo ya antibayotiki, kwa hiyo akija kumsikia mtu aliyepona kwa dawa, hataona daktari alimficha. Inampa la kufanya. Na inaweka tarehe.

Tarehe ndiyo sehemu ambayo barua nyingi zilizonakiliwa kutoka nje hukosea. Kipeperushi cha Ulaya kinaweza kumwambia mgonjwa avumilie wiki tatu bila wasiwasi, kwa kuwa huko kifua kikuu ni cha nadra. Kikinakiliwa Tanzania, Kenya au Uganda, kinagongana na kanuni ya kumpima makohozi kila anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi. Daktari wetu anatakiwa kusema mambo mawili kwa pamoja. Kikohozi cha virusi kinaweza kufika wiki ya tatu, na zikitimia wiki mbili bado unakohoa lazima upimwe. Akisema la kwanza tu, atachelewesha wagonjwa wa kifua kikuu. Akisema la pili tu, atawatisha wengi wenye mafua.

Kuna kitu hakimo kwa makusudi. Majibu ya maswali ya VVU hayakuandikwa, ingawa yalichangia uamuzi. Barua iliyokusudiwa kusomwa na familia nzima haipaswi kubeba siri ambayo mgonjwa hajaamua kuitoa.

Mahali ambapo barua haitoshi

Barua hii ni ya mtu mzima mwenye vipimo vizuri na kinga ya kutosha. Ikitolewa kwa kila anayekohoa inageuka kuwa hatari.

Mtoto chini ya miaka mitano huamuliwa kwa pumzi zake. Mwenye umri wa miezi 2 hadi 11 akivuta pumzi 50 au zaidi kwa dakika, au wa miezi 12 hadi 59 akivuta 40 au zaidi, akiwa ametulia, anahesabiwa kuwa na nimonia na anahitaji amoksilini. Kifua kikibonyea ndani anapovuta hewa, ni dalili nzito zaidi. Mtoto asiyeweza kunyonya au kunywa, au aliyelegea, hapelekwi nyumbani na karatasi.

Wazee nao wanaweza kuwa na nimonia bila homa, wakaonyesha tu kuchanganyikiwa au kukosa nguvu. Anayeishi na VVU hasubiri wiki mbili, bali kikohozi cha muda wowote kinatosha kumpima kifua kikuu. Mwenye ugonjwa sugu wa mapafu ambaye makohozi yake yameongezeka na kubadilika rangi huku akihema zaidi anaweza kweli kuhitaji antibayotiki. Kwake, tofauti na wengine, rangi ina maana. Na mwenye kifaduro ana ugonjwa wa bakteria ambao dawa yake ipo.

Mipaka hii inaonyesha kwamba barua ni matokeo ya uchunguzi. Haichukui nafasi yake. Daktari asiyehesabu pumzi hana haki ya kuandika “sioni dalili ya nimonia”. Barua iliyochapwa tayari na kugawiwa mlangoni bila kupima ni njia ya pili tu iliyovishwa karatasi.

Mizani

Pingamizi kubwa linalobaki ni muda. Tabibu mwenye foleni ndefu atapata wapi dakika za kuandika barua? Kwa sehemu kubwa maandishi yanafanana, kwa hiyo yanaweza kuchapwa, na nafasi za vipimo, tarehe na dawa zikajazwa kwa mkono. Kinachochukua muda ni kupima, nao ni muda unaodaiwa kwa mgonjwa hata kama hakuna barua.

Pingamizi la pili ni usalama. Je, ukipunguza antibayotiki kiasi hicho, watu hawatadhurika? Hapa Tanzania ina jibu lake. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2024, uliofanyika katika vituo 40 vya ngazi ya msingi mikoani Mbeya na Morogoro, wahudumu wa nusu ya vituo walisaidiwa na mwongozo wa hatua kwa hatua kwenye kishikwambi pamoja na vipimo vya ziada. Watoto wagonjwa walioandikiwa antibayotiki walikuwa asilimia 23.2 katika vituo hivyo, na asilimia 70.1 katika vingine. Siku ya saba, walioshindwa kupona walikuwa karibu sawa pande zote mbili. Wingi wa dawa haukuwa umewalinda watoto hao. Kilichowalinda ni kupimwa kwa utaratibu na kujua nani anahitaji dawa.

Kwa hiyo hukumu inaegemea wapi? Kuandika dawa kwa tahadhari kuna nafasi pale tu ambapo mgonjwa yumo katika kundi la hatari, au ambapo kurudi hakuwezekani kabisa na vipimo vinatia shaka. Kukataa kwa maneno machache ni sahihi kitabibu, lakini humwacha mgonjwa bila mwongozo. Cheti cha kusubiri kinafaa katika nchi ambayo dawa inalindwa na cheti, na kwetu bado hakijapata mazingira hayo. Barua iliyotanguliwa na uchunguzi ndiyo inayompa mgonjwa sababu ya uamuzi, inamweleza ugonjwa utakavyokwenda, na inamwachia njia ya kurudi.

Kwa msomaji anayekohoa: daktari asipokuandikia antibayotiki, usimdai dawa. Mdai maelezo. Muulize pumzi zako ni ngapi kwa dakika, kikohozi kitachukua muda gani, dalili zipi zikurudishe haraka, na tarehe gani urudi kupima makohozi. Akikujibu hayo manne kwa maandishi, umetibiwa. Asipoweza kuyajibu, una haki ya kuomba upimwe tena kabla hujatoka.